Maji Kidogo au Maji Mengi: Kipimo Gani cha Altrasaundi Kikuongoze

Mama alikuja na bahasha ya kaki mkononi, mimba ya kwanza, wiki 38. Ndani mlikuwa na picha mbili za altrasaundi alizopigwa kwingine asubuhi ile, na karatasi yenye mstari mmoja: AFI 4.7 cm, maji kidogo, aanzishiwe uchungu. Nyuma yake alikuwa mumewe, kabeba katoni ya maji ya kunywa. Aliambiwa "maji ya chupa yamepungua" akaelewa alivyoelewa. Tulicheka, ila mbele utaona kwamba yule baba hakukosea sana.

Mimi ni mpiga picha za altrasaundi. Uamuzi wa kuzalisha ni wa daktari, lakini namba anayoamulia inatoka mkononi mwangu, na namba hiyo inaweza kupatikana kwa njia mbili zisizokubaliana kila mara. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha maji kidogo na maji mengi, tulinganishe kwanza vipimo vyenyewe.

Mtoto anakojoa, mtoto anameza

Kuanzia katikati ya ujauzito, sehemu kubwa ya maji ya uzazi ni mkojo wa mtoto, na kiasi kingine hutoka kwenye mapafu yake. Karibu na kujifungua anaweza kukojoa zaidi ya nusu lita kwa siku. Maji hayo hayajai tu yakamwagika, kwa sababu mtoto huyo huyo anayameza, na mengine hufyonzwa kurudi kwenye damu yake kupitia kondo la nyuma na ngozi za chupa. Kwa kawaida hufikia kilele cha mililita 800 hivi kwenye wiki ya 32 hadi 34, kisha hupungua taratibu.

Ukishika hilo, karibu kila sababu utakayoisoma hapa chini itajieleza yenyewe. Maji yakipungua, ama mtoto hakojoi vya kutosha ama yanavuja. Yakizidi, ama anakojoa kupita kiasi ama hamezi.

AFI na SDP: njia mbili za kupima kitu kimoja

Hakuna mashine inayopima ujazo wa maji hayo kwa mililita. Tunachopima ni kina cha vidimbwi, yaani zile nafasi nyeusi unazoziona kwenye skrini kati ya mtoto na ukuta wa mfuko wa uzazi.

Njia ya kwanza, inayoandikwa AFI kwenye skrini, ilielezwa na Phelan na wenzake mwaka 1987. Mama analala chali, mgongo umeinuliwa kidogo. Tumbo linagawanywa robo nne: mstari mweusi unaoshuka katikati unatenga kulia na kushoto, kitovu kinatenga juu na chini. Proba, kile kichwa cha mashine kinachoteleza juu ya jeli, inasimamishwa wima kuelekea sakafuni, bila kuinamishwa kufuata duara la tumbo. Katika kila robo unatafuta kidimbwi chenye kina kirefu zaidi, unapima kutoka juu hadi chini kwa mstari ulionyooka, kisha unajumlisha namba nne.

Njia ya pili inaandikwa SDP, na mashine nyingine huandika MVP. Unazunguka tumbo zima, unachagua kidimbwi kimoja tu chenye kina kuliko vyote, unakipima wima. Kiwe na upana wa angalau sentimita 1, na ndani yake kusiwe na kamba ya kitovu wala mkono au mguu wa mtoto. Imekwisha.

| | AFI (robo nne) | SDP (kidimbwi kimoja) |
|---|---|---|
| Maji kidogo | sentimita 5 au chini | chini ya sentimita 2 |
| Kawaida | zaidi ya 5, chini ya 24 | 2 hadi chini ya 8 |
| Maji mengi | 24 au zaidi | 8 au zaidi |

Vitabu vingine huanzia 25 kwenye AFI ya maji mengi, kwa hiyo usishtuke ukikuta namba hiyo kwenye karatasi yako.

Sasa turudi kwa mama wa bahasha. Robo zake nne zilisomeka 1.0, 0.6, 2.4 na 0.7, na jumla ni 4.7. Kwa AFI ana maji kidogo. Lakini tazama ile namba ya tatu: kidimbwi chake kikubwa kina sentimita 2.4, na kwa SDP huyo ni mama wa kawaida. Ni tumbo lile lile na picha zile zile, ila njia moja inasema azalishwe na nyingine inasema arudi nyumbani.

Na si ajabu ya siku moja. Majaribio yaliyowagawa wajawazito katika makundi mawili, kundi moja likipimwa kwa AFI na jingine kwa SDP, yalionyesha kwamba AFI huwapata wengi zaidi wenye "maji kidogo" na kusababisha wengi zaidi waanzishiwe uchungu, bila watoto wao kutoka na hali bora kuliko wa kundi la pili. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008 uliona hivyo, na jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2016 likarudia jibu lile lile. Ndiyo maana kwa swali la maji kidogo mimi nachagua SDP, na ripoti yenye AFI peke yake huwa naomba picha zake nijitazamie kidimbwi kikubwa mwenyewe.

Kwa maji mengi AFI haina ubaya huo mkubwa, na wengi wanaipenda kwa kuwa inakupa ngazi za ukali. Hata hivyo nayo hugongana na mwenzake. Mtoto akijikunja upande mmoja, kidimbwi kimoja kinaweza kusoma 8.6 huku vingine ni 3.0, 4.0 na 3.5. SDP itasema mengi, AFI ya 19.1 itasema kawaida. Hapo mimi humwomba mama atembee kidogo, mtoto ageuke, nipime tena.

Kuna mahali AFI haifai kabisa. Moja ni mimba changa ambayo mfuko wa uzazi haujapanda vizuri juu ya kitovu, kwa hiyo robo za juu hazina maana. Jingine ni mapacha, kwa kuwa kila mmoja akiwa na chupa yake, anapimwa kidimbwi chake. Kwa mapacha wanaotumia kondo moja, kupima hivyo ndiko kunakofichua ugonjwa wa damu ya mmoja kuhamia kwa mwenzake: mpokeaji anakojoa mno na kidimbwi chake kinapita sentimita 8, mtoaji anabaki chini ya 2, wakati mwingine kabanwa ukutani na ngozi ya chupa kama nguo iliyolowa. Matokeo yote mawili ya makala hii yanakutana kwenye tumbo moja, na hiyo ni rufaa ya siku hiyo hiyo.

Namba inavyoharibika mkononi

Niliwahi kuandika "maji kidogo" kwa mama mnene kwa sababu nilikuwa nakandamiza proba nipate picha safi. Mkubwa wangu wa kazi akaja, akalegeza mkono, na kidimbwi kikafunguka mbele ya macho yangu kutoka 1.6 hadi 2.5. Hakusema neno. Alifuta ripoti yangu, akanirudishia proba.

Kosa la pili ni la kamba ya kitovu. Kidimbwi kinachoonekana cheusi na kirefu huenda kimejaa mikunjo ya kamba, hasa mashine ikiwa ya zamani, na ukikipima hicho unamwandikia mama maji asiyokuwa nayo. Ukiwasha rangi za dopla, zinazoonyesha damu inapopita, kamba inang'aa nyekundu na bluu. Lakini kuna mtego: ukitumia rangi hizo kila robo ukawa unakwepa kila uzi unaong'aa, AFI inashuka chini kuliko ile ambayo mipaka ya 5 na 24 iliwekewa, na unaanza kuwapata wagonjwa ambao hawapo. Mimi huwasha rangi pale tu ninapotilia shaka kidimbwi kimoja, kisha nazima.

Kwa hiyo ukipewa karatasi, tafuta juu yake vitu vitatu: herufi za kipimo, namba yake, na umri wa mimba siku ya kipimo. Karatasi iliyoandikwa "maji yamepungua kidogo" bila namba haimsaidii daktari atakayekupokea, na una haki ya kurudi dirishani kuuliza.

Yakiwa kidogo kweli

Jina la kitaalamu ni oligohidramnio. Swali la kwanza halihitaji mashine: dada, umevuja? Si lazima chupa ipasuke kwa kishindo. Tundu dogo la juu huvujisha kidogo kidogo, na mama anadhani ni mkojo au uchafu wa kawaida. Avae pedi safi, aangalie baada ya saa moja. Ikilowa maji mepesi yasiyonuka mkojo, aende hospitali, na huko watamwangalia kwa spekulamu safi, kile kifaa cha kufungulia uke, kama maji yamekusanyika ukeni. Kupima kwa vidole bila sababu kunaingiza wadudu, kwa hiyo hakuharakishwi.

Asipovuja, unaulizwa mkojo wa mtoto. Kwenye skrini natafuta figo mbili na kibofu. Kibofu kilichojaa na kumwagika mbele yangu ni habari njema sana. Kisipoonekana hata baada ya nusu saa au zaidi, au kikiwa kimevimba kwa mtoto wa kiume bila kumwagika, tunafikiria figo ambazo hazikuumbika au mlango wa mkojo ulioziba.

Figo zikiwa nzima, ninapima ukubwa wa mtoto. Kondo lililochoka, mara nyingi kwa mama mwenye shinikizo la damu au dalili za kifafa cha mimba, humlisha mtoto kwa shida. Mwili wake huamua kupeleka damu kwenye ubongo na moyo na kuzibana figo, kwa hiyo mkojo unapungua. Mtoto mdogo pamoja na maji kidogo ni habari nzito kuliko maji kidogo peke yake, na hapo dopla ya kamba ya kitovu ndiyo inayosema azalishwe haraka kiasi gani.

Halafu dawa. Hili linasahaulika kwa kuwa dawa zenyewe zinauzwa dukani kama peremende. Diklofenaki na ibuprofen hubana figo za mtoto, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba ziepukwe kuanzia wiki ya 20. Dawa za presha za kundi la enalapril nazo hazifai mjamzito. Aspirini ya dozi ndogo iliyoandikwa kliniki kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba haimo kwenye onyo hilo, kwa hiyo usiiache kwa kusoma makala. Mara nyingi mama akiacha diklofenaki maji hurudi ndani ya siku chache.

Uzito wa jibu unategemea wiki kuliko kitu kingine chochote. Maji yakikauka kabla ya wiki ya 24 mapafu ya mtoto yanakosa nafasi ya kukua, na hilo ndilo linaloua baada ya kuzaliwa. Yakipungua wiki ya 40 mapafu yamekwisha komaa, na hofu inahamia kwenye kamba ya kitovu inayobanwa wakati wa uchungu. Yakiwa kidogo kweli kwa SDP na hakuna tatizo jingine, madaktari wengi humzalisha mama kati ya wiki ya 36 na mwisho wa 37, au mara tu akigundulika baada ya hapo.

Mama wa bahasha hakuwa amevuja. Presha ilikuwa 112/70, mtoto alikuwa wa wastani, kibofu kilijaa na kumwagika nikitazama, na alikuwa anacheza vizuri. Mara ya mwisho kunywa kitu ilikuwa chai ya jana yake usiku, maana aliambiwa aje na njaa. Daktari akamwambia mumewe afungue katoni. Mama alikunywa lita mbili polepole, tukampima baada ya saa mbili na nusu: AFI 6.3, SDP 3.1. Kunywa maji mengi kumeonekana kwenye tafiti kupandisha AFI kwa wenye maji kidogo. Hakuzibi chupa iliyotoboka wala hakuponyi kondo, ila kunaonyesha ni kiasi gani cha namba ile kilikuwa kiu tu. Aliruhusiwa, akapewa tarehe ya kupimwa tena baada ya siku tatu na maelekezo ya kuhesabu mtoto anavyocheza.

Yakiwa mengi

Hii ni polihidramnio, na mara nyingi tepu ya mkunga ndiyo inayoishuku kwanza. Nilimpima mama mmoja wa wiki 31 ambaye tepu ilisoma sentimita 36, tumbo limevutika linang'aa, mtoto ukimgusa anaelea na kukwepa. Robo zake: 8.4, 7.0, 6.3 na 5.6. AFI 27.3, SDP 8.4, vipimo viwili vinakubaliana. Hiyo ni ngazi ndogo, kwa kuwa AFI ya 24 hadi chini ya 30 ni ndogo, 30 hadi chini ya 35 ni ya kati, na 35 kwenda juu ni kali. Kadiri namba inavyopanda ndivyo uwezekano wa kasoro kwa mtoto unavyoongezeka, ila kwa ngazi ndogo walio wengi hawana sababu yoyote inayopatikana.

Huku swali la kwanza ni sukari. Mama mwenye sukari nyingi anampa mtoto sukari nyingi, na mtoto hukojoa sana kama mtu mzima mwenye kisukari. Yule mama alinyweshwa glukosi gramu 75. Kabla ya kunywa damu yake ilisoma 5.4, na mpaka wa mjamzito ni 5.1, kwa hiyo jibu lilikuwa tayari kabla hata ya saa la kwanza. Tumbo la mtoto nalo lilikuwa nene kuliko kichwa chake, jambo linaloendana na sukari. Sukari iliposhikwa kwa chakula na baadaye insulini, maji hayakuongezeka tena.

Swali la pili ni kumeza. Natafuta tumbo la chakula la mtoto, duara dogo jeusi upande wa kushoto. Lisipoonekana kila nikipima, umio huenda umeziba. Yakionekana maduara mawili makubwa yaliyokaa pamoja, utumbo mdogo umeziba mwanzoni mwake, na kwa watoto wengi wa namna hiyo kuna tatizo la kromosomu linaloitwa Dauni. Natazama pia kichwa na uti wa mgongo, kwa sababu mtoto ambaye ubongo haukuumbika hamezi. Mwisho natazama kama amejaa maji mwilini, ngozi na tumbo, dalili ya upungufu mkubwa wa damu au moyo kuelemewa.

Hatari zake ni za mfuko uliovutika kupita kiasi. Uchungu huja kabla ya wakati. Mtoto anaelea, hivyo siku ya kujifungua anaweza kuwa ametanguliza matako au amelala mkingamo. Chupa ikipasuka maji yanatoka kwa nguvu na kuvuta kamba ya kitovu mbele ya mtoto, kwa hiyo mama huyu chupa ikipasuka nyumbani hasubiri uchungu uanze. Akiona kamba imetoka, apige magoti, kifua kiguse kitanda, makalio juu, hivyo hivyo mpaka afikishwe. Na baada ya kuzaa, mfuko uliochoka unashindwa kujikaza, damu inamwagika.

Tofauti na maji kidogo, ngazi ndogo isiyo na sababu haimfanyi mtu kuzalishwa mapema. Anasubiri uchungu wake, na kama ni kuanzishiwa si kabla ya wiki ya 39. Kunyonya maji kwa sindano huachiwa yule asiyeweza kupumua au kulala kwa uzito wa tumbo, kwa kuwa maji hujirudia na sindano yenyewe huweza kuanzisha uchungu.

Kuna kitu kimoja huwa naandika chini ya ripoti ya kila mama mwenye maji mengi, na naomba mkunga wa zamu akisome: kabla mtoto hajanyonya mara ya kwanza, apitishwe mpira mwembamba mdomoni hadi tumboni. Altrasaundi haioni kila umio ulioziba, hasa ule ulioungana na njia ya hewa, maana maji kidogo hupenya na tumbo likaonekana lipo. Mpira ukigoma kwenye sentimita 10 hivi kutoka midomoni, mtoto hapewi ziwa wala kijiko. Analazwa kichwa kikiwa juu, mate yanafyonzwa kila mara, na simu inapigwa kwa daktari wa upasuaji wa watoto.